"Tutaona" si jibu: Mpangaji, kuku na matuta matatu ya mchicha

Katika miaka yangu yote ya kufundisha Kiswahili sekondari niliwasahihisha wanafunzi maelfu ya sentensi. Leo naleta sentensi yangu mwenyewe iliyostahili alama ya kosa. Ni fupi mno, ina neno moja tu: tutaona. Nilimjibu nalo mpangaji wangu, na nusura linigombanishe na dada yangu wa tumbo moja.

Nyumba ninayoishi iko Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, kandokando ya barabara iendayo Pangani. Ni nyumba ya marehemu mama yetu. Warithi ni wawili, mimi na dada yangu mkubwa ambaye anaishi mjini Tanga. Nilipostaafu mwaka 2019 nilirudi hapa, nikakaa chumba cha mbele na kuvipangisha vyumba viwili vya nyuma vinavyotazama uani. Ua wenyewe una urefu wa hatua ishirini hivi na upana wa hatua kumi na tano. Kuna kisima, mnazi mmoja mkongwe, kamba za kuanikia nguo, na upande wa mashariki kuna kipande kitupu ambacho tangu mama afariki kilikuwa kikiota magugu.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 alikuja mpangaji mpya, mwalimu kijana wa shule ya msingi, mwenyeji wa milima ya Lushoto, pamoja na watoto wake wawili wadogo. Anayeijua Lushoto anajua kwamba huko mtu haoni kipande cha ardhi kitupu bila ya kuumia moyo. Mwezi wa Februari, baada ya sala ya alasiri, alinikuta barazani. Akaniamkia shikamoo, akaniuliza habari za afya, akauliza habari za dada, kisha akasema: "Mwalimu, nilikuwa na ombi dogo. Nilitaka nipandepande mboga kidogo hapo nyuma, na kuku wawili watatu wa watoto."

Naomba msomaji ayatazame maneno hayo kama ninavyoyatazama mimi sasa. Ombi ni dogo. Kupanda kumekuwa kupandapanda, na kitenzi kikirudiwa namna ile hupoteza uzito, kama mtu anayecheza tu. Mboga ni kidogo. Kuku ni wawili watatu, hesabu ambayo si wawili wala si watatu. Hata wakati wa kitenzi umerudishwa nyuma: si nataka, ni nilitaka, ili nikikataa ionekane kwamba jambo lenyewe lilikwisha kupita. Ndiyo adabu yetu. Mwombaji hulifanya ombi lake kuwa jepesi ili mwombwaji asielemewe. Lakini ona kilichopotea katika wepesi huo: hakuna mahali, hakuna kiasi, hakuna aina ya mmea, hakuna muda.

Nami nikajibu kwa adabu ileile. "Tutaona, mwanangu."

Katika nyumba tulimolelewa, tutaona ni hapana iliyovikwa kanzu. Mama akikwambia tutaona kuhusu viatu vya Idi, unajua kwamba mwaka huu utavaa vya mwaka jana. Mwenzangu hakulelewa katika nyumba hiyo. Kwake tutaona lilikuwa na maana ya maneno yenyewe: sisi wawili, siku zijazo, tutalitazama jambo hili. Akangoja wiki mbili, akarudi. "Mwalimu, mvua zinakaribia." Nikasema, "Haya, inshallah." Nilikuwa nikizungumzia mvua. Yeye alisikia ruhusa.

Masika ilipoingia alikuwa amekwisha kulima. Nami sikusema kitu, kwa sababu mtu aliyesema tutaona hana pa kusimamia. Hakuweza kuvunja ahadi ambayo hatukuwekeana, wala mimi sikuweza kudai kwamba nilikataa.

Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, na sina budi kukiri kwamba nilikula mchicha ule kwa furaha. Mchicha ukipandwa kwa mbegu na mvua ikiwepo, baada ya wiki tatu au nne unang'olewa au unakatwa. Kila Ijumaa kifungu kimoja kilikuwa mlangoni kwangu. Mambo mawili tu yalikuwa yakikua kimyakimya: idadi ya kuku na mti mmoja.

Tuanze na kuku. Mwezi Machi waliingia watatu, majike wawili na jogoo mmoja. Kuku wa kienyeji hutaga mayai yake kumi hadi kumi na tano, kisha huyalalia kwa siku 21. Majike wale wawili walitaga, wakaatamia kwa kufuatana, wakaangua vifaranga 17. Mwewe na nguchiro wakachukua sita. Mwisho wa mwezi Mei, kuku wawili watatu wa watoto walikuwa 14. Hakuna aliyenunua hata mmoja, wala hakuna aliyesema uongo. Ni kwamba neno kuku, katika sentensi ile ya barazani, lilikuwa limehesabu watu wazima tu, na kuku hawajui kubaki watu wazima tu.

Lugha yetu yenyewe ingetusaidia kama tungeitumia. Tunaye kifaranga. Tunaye pora, dume changa ambalo halijaanza kuwika. Tunaye tembe, jike kubwa ambalo bado halijataga, na mtetea anayekaribia kutaga, na koo aliyekwisha kuzaa. Wazee hawakuyatunga majina haya kwa ajili ya mashairi. Ni majina ya hesabu. Mwenye koo wawili anajua kwamba baada ya miezi miwili atakuwa na kundi, na mwenye pora watano anajua kwamba anao kitoweo, maana majogoo watano katika ua mmoja hawakai kwa amani. Nikimwambia mpangaji "kuku wachache" nimemwambia neno la kishairi. Nikimwambia "koo wawili na jogoo mmoja, na vifaranga wao mpaka watimize miezi mitatu" nimemwambia jambo ambalo sisi sote tunaweza kwenda uani tukalihesabu.

Kuku wale 14 walikuwa wakilala katika kibanda cha mabati kilichoegemezwa kwenye ukuta wa chumba cha mpangaji mwingine, fundi wa pikipiki, kijana mpole asiyependa maneno. Asubuhi moja alinijia akijikuna mikono. Utitiri, wale wadudu wadogo wa kuku, ulikuwa umepanda ukuta na kuingilia dirishani. Ukitaka kujua kama banda lina utitiri, pitisha kitambaa cheupe usiku chini ya vijiti wanavyolalia kuku, kisha ukitazame kwenye taa: ukiona vidoadoa vinavyotembea, na vingine vikiacha alama nyekundu vikibonyezwa, basi ndio wenyewe. Kijana yule hakuwa ameombwa ridhaa na mtu yeyote. Ombi lilikuwa limepita kati ya watu wawili, ilhali ua ni wa watu watatu.

Sasa mti. Kando ya tuta la pili, mahali ambapo mpangaji alikuwa akimwaga maganda ya jikoni, ulichipuka mpapai. Hakuupanda. Aliuona, akaupenda, akauwekea mboji. Mpapai hukua haraka. Mwezi Julai ulikuwa umenifika kifuani. Mwezi huohuo dada akaja kututembelea. Alisalimia, akanywa chai, akaenda uani kutawadha. Aliporudi hakuketi.

"Ule mpapai ni wa nani?"

"Umeota wenyewe, dada."

"Sikuuliza umeotaje. Nimeuliza ni wa nani."

Wasomaji wa bara huenda wakashangaa kwa nini mpapai ulimkasirisha mwanamke mwenye umri wa miaka sabini kuliko kuku 14. Lazima nieleze. Katika pwani yetu ardhi na mti si lazima viwe na mwenyewe mmoja. Mtu anaweza kumiliki minazi katika kiwanja cha mwingine, akaiuza, akaiweka rehani, watoto wake wakairithi, na mwenye kiwanja asiwe na la kusema. Kwa sababu hiyo mti, hasa mti wa kudumu, ni shahidi. Wazee wanapokaa kuamua ugomvi wa mpaka, swali lao la kwanza mara nyingi si nani mwenye karatasi, bali nani aliyepanda. Ndiyo maana kwa mila, mtu aliyekaribishwa kulima kwa muda huruhusiwa kupanda vya msimu na hukatazwa kupanda vya kudumu. Mahindi na mchicha huondoka na aliyeyapanda. Mnazi humngoja arudi.

Dada akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Leo mchicha, kesho mpapai, keshokutwa shahidi. Na wewe umeruhusu ardhi ya mama bila ya kuniuliza."

Hapo ndipo palipouma. Hakuwa akimwogopa mwalimu kijana wa Lushoto. Alikuwa akiniuliza mimi kama bado naikumbuka sehemu yake. Katika mirathi yetu mwanamume hupata sehemu mbili na mwanamke moja, na dada alikwisha kulipokea hilo bila ya kinyongo. Lakini sehemu moja si sehemu sifuri. Kwa kusema tutaona, kwa kunyamaza, kwa kula mchicha wa Ijumaa, nilikuwa nimeamua peke yangu jambo la watu wawili.

Sisi wa Tongoni tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Jina la kijiji chetu linatokana na tongo, mahali palipokaliwa na watu kisha pakahamwa. Hatua chache kutoka kwenye nyumba zetu kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita. Waliojenga hawapo, majina yao mengi hatuyajui, lakini kilichosimikwa ardhini bado kinasema kwamba walikuwepo. Dada hakuhitaji kunifafanulia zaidi.

Nililala vibaya usiku ule. Asubuhi nikafanya jambo ambalo ningelifanya Februari: nikamwita mpangaji, nikampigia dada simu tukamweka katika spika, nikamwomba na fundi wa pikipiki aketi nasi. Nikaanza kwa kuomba radhi, kwa sababu kosa lilikuwa la mwenye nyumba. Mpangaji alikuwa ameomba mara mbili. Kisha nikamwambia: "Mwanangu, hebu omba tena, lakini safari hii usilifanye ombi kuwa dogo. Lifanye kuwa kamili."

Akacheka, halafu akafikiri. Akasema anataka matuta matatu, kila moja urefu wa mita tatu na upana wa mita moja. Nilimuuliza kwa nini mita moja. Akasema kwa upana huo mkono unafika katikati kutoka kila upande, hivyo mtu halikanyagi tuta. Akasema kuku anaowahitaji kwa mayai ya watoto ni sita wakubwa, si zaidi, na kwamba wale waliozidi angewauza mnadani kabla ya mwezi kwisha. Nikashangaa. Alikuwa na hesabu zote kichwani tangu mwanzo. Adabu ndiyo iliyomzuia kuzitaja.

Tulizungumza karibu saa nzima juu ya maji. Tuna bomba lenye mita na tuna kisima. Katika wiki zisizo na mvua, tuta la mita tatu za mraba hutaka karibu ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Matuta matatu ni lita 60 kwa siku, na kwa mwezi ni lita 1,800, yaani karibu yuniti mbili za mita. Katika ankara ya nyumba ya watu wachache si jambo la kupuuza, na ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia hapo. Tukakubaliana maji ya bustani yatoke kisimani. Lakini kisima chetu, kama visima vingi vilivyo karibu na bahari, kina chumvichumvi wakati wa kiangazi. Mpangaji alikuwa amekwisha kujifunza hilo kwa hasara: maharage aliyoyaleta kutoka kwao yaliungua kingo za majani, yakawa ya kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni, na juu ya udongo kukawa na ukungu mweupe. Maharage hayavumilii chumvi. Spinachi huivumilia vyema zaidi, na mchicha nao huhimili kiasi. Hivyo ardhi yenyewe ilikuwa imekwisha kutuandikia sehemu ya mkataba.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakubali upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, ufanywe kwa mdomo au kwa maandishi. Mdomo tulikwisha kuujaribu. Nikachukua daftari la kumi na mbili, tukaandika hivi:

"Mpangaji ameruhusiwa kulima matuta 3, kila moja mita 3 kwa 1, upande wa mashariki wa ua, na kupanda humo mchicha, bamia, mnavu, matembele na spinachi.

Asipande mpapai, mgomba, muhogo wala mti wowote bila ya idhini ya warithi wote wawili.

Anaweza kufuga kuku wakubwa 6, jogoo akiwa mmoja. Vifaranga wakitimiza miezi 3 watauzwa, watachinjwa au watahamishwa mpaka idadi irudi 6.

Banda lisiegemee ukuta wa chumba chochote, na lisafishwe kila wiki. Kuku wote wachanjwe kideri kwa gharama ya mpangaji.

Maji ya bustani yatatoka kisimani.

Ruhusa hii ni ya mpangaji huyu kwa muda anaokaa hapa, wala si haki juu ya ardhi. Upande wowote ukitaka kuikomesha utatoa taarifa ya siku 30, na mboga zote ni za mpangaji mpaka siku hiyo."

Naomba niyaeleze mambo matatu katika maandishi hayo, kwa sababu kila moja lilitokana na mabishano.

La kwanza ni orodha ya mimea. Rasimu yangu ilisema "mboga za msimu", nami niliona fahari kwa ufupi wake. Mpangaji akauliza: pilipili ni ya msimu? Kichaka cha pilipili kikitunzwa huvuka mwaka. Na kisamvu je? Jani ni mboga, lakini shina ni muhogo, nao hukaa ardhini miezi mingi. Matembele ukiyakata huchipua tena bila ya mwisho. Jina la jumla lilikuwa na milango mingi kuliko nyumba. Tukaacha jina la jumla, tukataja mmea kwa jina lake. Anayetaka kuongeza mmea mwingine atauliza kuhusu mmea huo.

La pili ni siku 30. Hatukuzichukua hewani. Ndio muda ambao mchicha uliopandwa leo unakuwa umekwisha kuvunwa. Mpangaji akipewa taarifa siku hiyohiyo aliyomwaga mbegu, bado atakula alichokipanda. Bamia huchelewa zaidi, na tulikubaliana kwamba akipewa taarifa asipande bamia mpya.

La tatu ni neno idhini. Mpangaji alipendekeza ridhaa. Nikasema ridhaa iko moyoni, huwezi kuiandika wala kuishuhudia. Idhini hutamkwa na mtu akaisikia. Dada akasema kutoka katika simu, "Andikeni idhini. Ridhaa nitawapa nikiona."

Na mpapai? Kung'oa mti uliokaribia kuzaa ni jambo gumu, na katika ua wetu hakuna aliyetaka kushika panga. Dada ndiye aliyetoa suluhisho. Mpapai si mnazi, alisema. Huishi miaka michache tu. Ubaki, lakini tuandike kwamba mti ni wa nyumba na matunda ni ya mpangaji muda wote atakaokaa. Tukaongeza sentensi hiyo chini ya ukurasa. Kwa hiyo mila ileile iliyoleta ugomvi, ya mti na ardhi kuwa na wenyewe tofauti, ndiyo iliyoumaliza.

Fundi wa pikipiki akajenga banda jipya, ujira wake ukiwa jogoo mmoja. Lilikuwa la miguu minne, urefu wa mita moja na nusu na upana wa mita moja, sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke chini. Tuliliweka mbali na kuta, na mbali na kisima, upande ambao maji ya mvua hayaelekei kisimani. Kinyesi kilichokusanywa kilichanganywa na majani makavu na kuachwa miezi miwili au zaidi kabla ya kupelekwa kwenye tuta. Kibichi huunguza miche, na mtu huona majani yakinyauka ingawa udongo una maji. Matuta nayo yalizungushiwa wavu, ambao upande wake wa chini ulifukiwa ardhini, maana kuku hatafuti mlango akiweza kuchakura.

Habari ya chanjo ilijithibitisha yenyewe mapema kuliko tulivyotarajia. Mwisho wa Julai mpangaji alimwita afisa mifugo, kuku wakachanjwa kwa chanjo ya ai-tu, tone moja katika jicho la kila kuku, akishikwa mpaka apepese. Dawa hii huzuia, haiponyi, na hupewa kuku mzima kabla ugonjwa haujaingia. Kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mwezi Septemba kideri kikapita mtaani. Mwanzo ni kuku kuzubaa na kuhema mdomo wazi, kisha kuharisha kijani, wengine wakipinda shingo kama wanaotazama mbinguni. Katika nyumba ya tatu kutoka kwetu hakubaki hata mmoja. Kwetu hakufa kuku. Tangu siku ile majirani huchanja pamoja nasi, kwa sababu kichupa kimoja kina matone mengi kuliko kuku wa ua mmoja, na kikifunguliwa hakihifadhiwi kwa safari nyingine.

Dada alikuja tena mwezi Desemba. Akaenda uani, akasimama mbele ya matuta, akahesabu kwa kidole: matatu. Akahesabu kuku: sita, na vifaranga vinne. Akamuuliza mpangaji vifaranga vina umri gani. "Wiki tano, bibi." Dada akatikisa kichwa kukubali, kisha akaomba mbegu za mchicha.

Mwaka uliofuata mwalimu yule alipata uhamisho. Alitupa taarifa ya siku 30 kwa maandishi, akavuna tuta moja baada ya jingine, akawapanga kuku wake katika matenga mawili, akaondoka. Mpapai tunaula sisi. Ile karatasi ya daftari ninayo bado, na mpangaji aliyefuata alipouliza kuhusu bata, nilimpa aisome kwanza ili aombe kwa hesabu.

Kabla hajaondoka nilimtungia ubeti mmoja wa kumtania, akaubandika mlangoni, nami nauacha hapa kwa kuwa wengi wenu ni watunzi na mtanirekebisha mizani:

Mwenye nyumba nakujia, nina neno nalisema,
Matuta nakutajia, ni matatu ya kulima,
Kuku sita naanzia, na banda lililo jema,
Usiseme "tutaona", sema ndiyo au siyo.

Sijaliacha kabisa neno langu. Wajukuu wakiniomba fedha za pipi bado nawaambia tutaona, nao wanajua maana yake. Lakini mtu anayeniomba ardhi ya kupanda, hata ya upana wa mkeka, sasa namwambia aketi, tunampigia dada simu, kisha namuuliza: wapi, kiasi gani, kitu gani, mpaka lini.